Namba mbili za siri, dakika saba: uchambuzi wa kisa cha faili zilizosimbwa mara mbili

Usuli

Chama kimoja cha akiba na mikopo cha Kisumu, chenye wanachama ambao wengi wao ni wachuuzi wa soko, kilikuwa kikipeleka nakala rudufu za madaftari yake Nakuru kila Ijumaa. Nakala zilisafiri kwenye flashi, mkononi mwa mfanyakazi aliyepanda matatu. Jina la chama, idadi ya wanachama na mengine yanayoweza kukitambulisha tumeyaondoa.

Kila jioni programu ya ofisi ilitoa faili moja ya CSV yenye namba ya mwanachama, jina, simu, namba ya kitambulisho, akiba, mkopo na wadhamini. Kabla ya faili kuandikwa kwenye flashi ilisimbwa mara mbili kwa AES-128, mbinu ya kusimba yenye ufunguo wa baiti 16: kwanza kwa namba ya siri ya meneja, kisha kwa namba ya siri ya mweka hazina. Kila namba ilikuwa na tarakimu 8. Programu iliipitisha namba kwenye SHA-256, hesabu inayogeuza maandishi yoyote kuwa baiti 32, ikachukua baiti 16 za mwanzo, na hizo ndizo zikawa ufunguo. Hali iliyotumika ni CBC, ambamo kila kipande huchanganywa na kilichokitangulia kabla ya kufungwa. Kipande cha kwanza huchanganywa na thamani ya kuanzia, na hapa thamani hiyo ilikuwa sifuri tupu kila mara.

Nia ilikuwa nzuri: asiwepo mtu mmoja wa kufungua madaftari peke yake. Maelezo ya mfumo yalipiga hesabu hivi: namba ya tarakimu 8 ina uwezekano milioni 100, mbili zina milioni 100 mara milioni 100, yaani 10^16. Kompyuta inayojaribu milioni 2 kwa sekunde ingehitaji miaka zaidi ya 150 kuzimaliza. Kuzidisha kwenyewe hakuna kosa. Kosa ni kudhani kwamba mshambuliaji analazimika kuzidisha.

Kilichotokea

Ijumaa moja, saa moja jioni, mfanyakazi alishuka Nakuru akagundua kwamba mfuko wa koti hauna flashi. Matatu ilikuwa imesimama Kericho kwa chai. Waliuliza kwa dereva, kwa makanga na hotelini, wasiipate. Ndani yake mlikuwa na faili za miezi mitatu.

Halmashauri ilikutana Jumamosi asubuhi, na swali lililokuwa mezani lilikuwa la kisheria kabla ya kuwa la kitaalamu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inamtaka anayehifadhi data amwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue kwamba data imevuja na kuna hatari ya kweli ya madhara. Wenye data nao huarifiwa, ila sheria inaruhusu wasiarifiwe pale ambapo kulikuwa na kinga ifaayo, na usimbaji fiche umetajwa humo. Mwenyekiti alimgeukia mtunzi wa programu: “Kijana, tuambie wazi. Mtu akiiokota hiyo flashi, atafungua au hatafungua?”

“Mzee, hatafungua,” alijibu. “Imefungwa mara mbili.”

Mweka hazina ndiye aliyeomba neno hilo lijaribiwe kabla ya kuandikwa kwenye barua yoyote. Uamuzi huo ndio uliookoa mambo. Mkaguzi alipewa nakala za faili zilezile zilizopotea, pamoja na faili moja tupu ya mfano kutoka programu hiyohiyo, yenye vichwa vya safu tu. Hakuambiwa namba za siri. Ziliandikwa na kutiwa kwenye bahasha iliyofungwa ili majibu yake yalinganishwe nazo mwishoni.

Jaribio, hatua kwa hatua

Jambo la kwanza lilionekana kabla ya hesabu yoyote. Faili zote za miezi mitatu zilianza na baiti 16 zilezile. Hilo hutokea ikiwa funguo hazijabadilika, thamani ya kuanzia haibadiliki, na maandishi ya mwanzo ni yaleyale kila siku. Maandishi hayo ni vichwa vya safu:

```
NambaMwanachama,JinaKamili,Simu,...
```

AES hufanya kazi kwa vipande vya baiti 16. `NambaMwanachama,` ni herufi 15 na mkato, jumla 16. `JinaKamili,Simu,` nayo ni 16. Kwa hiyo mkaguzi alikuwa na vipande viwili vya maandishi wazi, tuviite P1 na P2, na vipande viwili vya siri vinavyolingana navyo, C1 na C2. Hakuhitaji zaidi ya hapo.

Sasa tazama njia inayotoka P1 hadi C1. P1 inafungwa kwa ufunguo K1 na kutoa kipande cha katikati, M. Kisha M inafungwa kwa K2 na kutoa C1. M haionekani popote, lakini inafikika kutoka pande zote mbili: kwa kufunga P1 kwa K1, au kwa kufungua C1 kwa K2. Ni kama safari ya Kisumu hadi Nakuru kupitia Kericho. Anayetaka kujua gari gani na gari gani yalimfikisha abiria hana haja ya kujaribu kila gari la Kisumu pamoja na kila gari la Nakuru. Anaandika abiria wote wanaofika Kericho kutoka Kisumu, kisha anarudi nyuma kutoka Nakuru gari moja moja, akiuliza nani alipandia Kericho. Jina likionekana pande zote mbili, njia imepatikana.

Kwa maandishi ya programu ni hivi, E ikiwa kufunga na D kufungua:

```
kwa kila K1:   M = E(K1, P1);  andika (M[0:6], K1)
panga jedwali kwa M
kwa kila K2:   M = D(K2, C1);  tafuta M[0:6]
ikipatikana:   jaribu (K1, K2) kwenye C2
```

Kazi yote ni milioni 100 za kwenda na milioni 100 za kurudi. Zinajumlishwa, hazizidishwi. Hilo ndilo shambulio la kukutana katikati.

Kuhusu `M[0:6]`: mkaguzi alikuwa na kompyuta mpakato ya kawaida, kwa hiyo hakuhifadhi baiti zote 16 za M. Alihifadhi 6 za mwanzo na baiti 4 za namba ya siri. Mistari milioni 100 ya baiti 10 ni gigabaiti 1, na hiyo inakaa kwenye kumbukumbu bila taabu. Bei ya kukata ni milingano ya bahati. Baiti 6 zina thamani tofauti takriban 2.8 × 10^14, na jozi za namba ni 10^16, hivyo jozi kama 36 zitalingana kwa bahati tu bila kuwa jibu. Kipande cha pili, C2, ndicho chekecheo: jozi ya uongo haiwezi kufungua C2 ikatoa P2.

Mara ya kwanza jaribio lilishindwa. Lilitoa jozi 34, na zote zikaanguka kwenye C2. Hapa mtu huweza kukata tamaa akaandika kwamba mfumo ni imara, na ripoti yake ikawa ya hatari kuliko kutokuwa na ripoti. Idadi yenyewe ilikuwa inasema jambo. Kama programu ya mkaguzi ingekuwa mbovu, kwa mfano inatafuta kwenye jedwali lisilopangwa sawa, ingeruka milingano mingi na isingekaribia zile 36 zinazotarajiwa kwa bahati. Zilipotoka 34, mashine ya kutafuta ilikuwa nzima, na cha kwanza kushukiwa kikawa P1. Aliitazama faili ya mfano baiti kwa baiti:

```
00000000: efbb bf4e 616d 6261 4d77 616e 6163 6861  ...NambaMwanacha
```

Baiti tatu za mwanzo, `ef bb bf`, ni alama ambayo programu nyingi za majedwali huitia mwanzoni mwa faili ya UTF-8. Haionekani ukifungua faili kwenye skrini. Ilisukuma kila kitu mbele nafasi tatu, kwa hiyo P1 ya kweli iliishia `NambaMwanacha` na P2 ikawa `ma,JinaKamili,Si`.

Mara ya pili: jedwali lilijengwa kwa sekunde 50 hivi, kulipanga kukachukua kama dakika moja, na kutafuta kutoka upande wa pili kukachukua chini ya dakika tano. Jozi 39 zililingana. Moja ilifungua C2 sawasawa. Bahasha ilipofunguliwa, namba zilikuwa zilezile.

Uamuzi uliofanywa na sababu zake

Kamishna aliarifiwa Jumatatu mchana, ndani ya saa 72. Wanachama nao waliarifiwa kwa ujumbe mfupi wa simu, kwa sababu kinga ya dakika saba haiwezi kuitwa kinga ifaayo. Ujumbe ulitaja jambo moja la kuangalia: mtu atakayepiga simu akijua salio lako la mkopo na majina ya wadhamini wako hajathibitisha kwamba anatoka ofisini. Kwa data iliyokuwa imepotea, hiyo ndiyo hatari iliyokuwa karibu zaidi.

Mjumbe mmoja alipendekeza namba za siri zibadilishwe usiku uleule. Zilibadilishwa, ila ilielezwa wazi kwamba hilo linalinda faili zijazo tu. Flashi iliyoko mikononi mwa mtu inaendelea kufunguka kwa namba za zamani.

Kisha mtunzi wa programu akaleta pendekezo lililozua mjadala mrefu: namba ya tatu, ya mwenyekiti, ili faili ifungwe mara tatu. Si wazo la ovyo. Ndiyo njia ambayo dunia yenyewe iliipita.

Kwa nini tatu, na si mbili

DES, mbinu ya kusimba iliyotangulia AES, ilitangazwa kuwa kiwango rasmi nchini Marekani mwaka 1977, ikiwa na ufunguo wa biti 56. Mwaka huohuo Whitfield Diffie na Martin Hellman walionyesha kwamba ufunguo huo ni mfupi mno, na wakaeleza pia shambulio hili la kukutana katikati dhidi ya wazo la kuifunga mara mbili. Funguo mbili za biti 56 huonekana kama biti 112. Kwa kukutana katikati, kazi ni 2^56 upande mmoja na 2^56 upande wa pili, jumla 2^57. Ufunguo wa pili mzima umeongeza biti moja.

Milingano ya bahati iko huko pia, ila kwa ukubwa mwingine. Kipande cha DES ni biti 64 tu, kwa hiyo jozi 2^112 zikigawanywa kwa 2^64 zinabaki 2^48 zinazolingana bila kuwa jibu. Jozi ya pili ya maandishi wazi na ya siri inazichekecha karibu zote. Ni mambo yaleyale ya zile 36.

Lazima tuseme haki juu ya kumbukumbu. Jedwali la mistari 2^56, kila mstari baiti 15, ni terabaiti zaidi ya milioni moja. Si kitu cha kuweka chini ya meza. Mshambuliaji mwenye nafasi ndogo anaweza kujenga jedwali kwa sehemu: akiwa na nafasi ya sehemu moja ya kumi, anarudia msako mara kumi. Kwa hiyo DES ya mara mbili si dhaifu sawasawa na ya mara moja. Lakini anayebuni mfumo hawezi kutegemea ukosefu wa diski za adui, na kwa namba za tarakimu 8 kizuizi hicho hakikuwapo hata kidogo, maana jedwali lote lilikuwa gigabaiti moja.

Ukifunga mara tatu, mshambuliaji bado anakata njia katikati, ila hakuna mahali pa kuikata igawanyike sawa. Upande mmoja una ufunguo mmoja, upande wa pili una mbili. Jedwali ni 2^56, msako ni 2^112. Yaani mara tatu inatoa nguvu ambayo watu walidhani mara mbili ingetoa. Ndipo ikaja DES ya mara tatu, ambayo hufunga kwa K1, hufungua kwa K2, kisha hufunga kwa K3. Kule kufungua kwa katikati hakuongezi nguvu. Kuliwekwa ili mtu akitumia ufunguo mmoja mara zote tatu apate DES ya kawaida, na mashine mpya iweze kuzungumza na ya zamani. Wengine walitumia K1 tena mahali pa K3 ili waweke funguo mbili tu. Mwaka 1981 Ralph Merkle na Hellman walionyesha kwamba mpangilio huo wa funguo mbili una mlango wake wa kukutana katikati, kwa mshambuliaji anayeweza kuchagua maandishi mengi mno ya kusimbwa.

Kwa nini chama hakikuchukua ya tatu

Kwa mgeni aliyeokota flashi, namba tatu za tarakimu 8 zingerudisha ile kazi ya 10^16, zaidi ya miaka 150 kwa kiini kimoja cha kompyuta. Akikodi viini 1,000, miezi miwili. Hilo peke yake lilitosha kulitilia shaka pendekezo, lakini kilicholiangusha ni swali la mweka hazina: “Na mimi je, ambaye namba moja tayari ninayo?”

Hapo ndipo penye uzito wa kisa hiki. Mfumo uliwekwa ili kiongozi mmoja asifungue peke yake. Chini ya mfumo wa namba mbili, kiongozi mmoja alibakiwa na namba moja ya kutafuta, milioni 100, sekunde 50. Chini ya mfumo wa namba tatu angebakiwa na mbili, na mbili tumeona zinavyovunjwa. Haijalishi namba yake iko mwanzo, katikati au mwisho, kwa kuwa safu anayoijua anaweza kuifunga au kuifungua mwenyewe anapojenga jedwali. Viongozi watatu, na yeyote kati yao anahitaji dakika saba.

Njia ya pili iliyofikiriwa ni kuziunganisha namba mbili kuwa kitu kimoja kabla ya kutengeneza ufunguo, kisha kusimba mara moja tu. Kwa mgeni hiyo ni bora kabisa kuliko safu mbili, kwa sababu hakuna M ya kukutania. Ni lazima ajaribu jozi nzima, 10^16. Ukiongeza PBKDF2, njia ya kuchelewesha makusudi utengenezaji wa ufunguo, iliyopangwa ichukue robo sekunde kwa kila jaribio, mgeni hana safari. Ila kiongozi anayejua nusu yake bado ana milioni 100 tu. Kwa robo sekunde kila moja ni siku 289 kwa kiini kimoja, na kwa viini 100 vya kukodi ni siku tatu.

Tatizo lilikuwa tarakimu 8 zenyewe. Kitu ambacho mtu anakikariri hakiwezi kubeba nusu ya ufunguo.

Matokeo

Sasa faili husimbwa mara moja kwa AES-256 katika hali ya GCM, ambayo hukataa kufungua ikiwa ufunguo si sahihi au faili imeguswa, kwa thamani ya kuanzia isiyorudiwa. Ufunguo wa baiti 32 ulitengenezwa kwa nasibu. Sehemu ya meneja ni baiti 32 nyingine za nasibu. Sehemu ya mweka hazina ni matokeo ya XOR, yaani kulinganisha biti kwa biti, ya ufunguo na sehemu ya meneja. Sehemu mbili zikifanyiwa XOR tena, ufunguo unarudi. Mwenye sehemu moja anabakiwa na uwezekano wote 2^256, sawa na mtu wa barabarani, na hakuna safu ya kukata katikati. Kila sehemu iko kwenye flashi yake, kabatini tofauti, na nakala iliyochapishwa kwenye bahasha benki. Flashi iliyopotea Kericho haijapatikana.

Kilichofaa na kilichoshindikana

Kilichofaa zaidi ni kujaribu kwa faili zenyewe, huku majibu yakiwa kwenye bahasha. Hoja ya kukutana katikati ilikuwa imeelezwa ubaoni Jumamosi na nusu ya halmashauri haikuikubali. Namba mbili zilizosomwa kutoka kwenye kompyuta Jumapili hazikuhitaji maelezo.

Kilichokaribia kuharibu kazi ni zile baiti tatu. Anayefanya jaribio kama hili afunge kwanza faili yake ya mfano kwa namba anazozijua, aone kama programu yake inazirudisha, ndipo aiguse faili ya siri. Angefanya hivyo kwa faili ya mfano aliyopewa, alama ya UTF-8 ingejitokeza kabla ya msako wa kwanza.

Mfumo mpya nao ulikwama mara moja. Mwezi wa pili flashi ya meneja ilikufa, ikabidi sehemu yake ichapwe kwa mkono kutoka karatasi ya benki, herufi na tarakimu 64. GCM ilikataa kufungua, na haisemi kosa liko wapi. Walirudia mara tatu kabla ya kugundua kwamba `8` moja ilikuwa `B` iliyofifia. Karatasi zimechapishwa upya kwa mafungu ya herufi nne, na kila mstari una tarakimu mbili za kuhakikisha mwishoni, ili kosa lionekane kwenye mstari lilipofanyika.